Barua ya wazi kwa mawaziri wa fedha na wakuu wa misaada: lifungueni jedwali la pengo la akiba

Waheshimiwa mawaziri wa fedha na mipango, pamoja nanyi wakuu wa mashirika yanayotoa misaada,

Nawaandikia kuhusu namba moja. Namba hiyo hukaa katikati ya jedwali la makisio ya uchumi, kwenye ukurasa ambao wengi wenu hamfiki, kwa sababu hotuba hutungwa kutokana na ukurasa wa kwanza. Wataalamu huiita uwiano wa mtaji kwa pato. Inajibu swali hili: ili pato la taifa la kila mwaka lipande kwa moja, inabidi kuwekeza ngapi? Ikiwa jibu ni nne, uwiano ni 4. Kwa namba hiyo huamuliwa nchi iombe msaada kiasi gani, na wananchi waahidiwe ukuaji gani.

Nimefanya kazi ya makisio hayo kwa miaka mingi, na kuna usiku mmoja ambao siusahau. Lengo la mpango lilikuwa ukuaji wa asilimia 7 kwa mwaka. Akiba ya ndani ilikuwa asilimia 12 ya pato la taifa. Uwiano tuliokuwa nao ulikuwa 5, na hatukuubuni: tulichukua uwekezaji wa miaka iliyotangulia tukaugawanya kwa ukuaji uliopatikana kweli. Saba mara tano ni thelathini na tano, kwa hiyo uwekezaji uliotakiwa ulikuwa asilimia 35 ya pato. Ukitoa akiba ya 12, pengo linabaki asilimia 23. Mkubwa wetu aliitazama namba hiyo kwa muda, kisha akasema hakuna mhisani duniani atakayetupa karibu robo ya pato letu kila mwaka. Alikuwa na haki. Lakini lengo la asilimia 7 halikuweza kuguswa kwa kuwa lilishatangazwa, na akiba haikuguswa kwa kuwa ilitoka kwenye takwimu rasmi. Ikabaki ile 5. Tukaifanya 3.5. Uwekezaji uliotakiwa ukashuka hadi asilimia 24.5, pengo likawa 12.5, na jedwali likakubalika.

Aliyeiandika namba hiyo ni mimi. Hakuna kiwanda kilichoanza kuzalisha zaidi usiku ule, wala barabara iliyojengwa kwa gharama ndogo. Ilibadilika namba tu, na asubuhi kitabu kikaenda kwa mpiga chapa kikiwa na ahadi ambayo rekodi yetu wenyewe ilikuwa inaikataa.

Ndiyo maana naandika.

Fomula yenyewe ni fupi kiasi kwamba mtu yeyote aliyemaliza shule ya msingi anaweza kuikagua:

```
g = s / v
```

Hapo g ni ukuaji, s ni sehemu ya pato inayowekwa akiba na kuwekezwa, na v ni ule uwiano. Chukueni nchi yenye akiba ya asilimia 12 na uwiano wa 4. Ukuaji wake ni asilimia 3. Kama watu nao wanaongezeka kwa asilimia 3 kwa mwaka, pato la kila mtu halisogei hata kidogo. Sasa serikali inataka pato la kila mtu likue kwa asilimia 4, maana yake ukuaji wa jumla uwe 7. Zidisha 7 kwa 4, unapata uwekezaji wa asilimia 28. Toa 12 zilizopo, pengo ni 16. Hizo 16 ndizo zinazopelekwa kwa wahisani, na kwenye kitabu cha mpango kunaandikwa kwamba zikipatikana, pato la mtu mmoja litakuwa mara mbili baada ya miaka kama 18.

Hesabu hiyo haina kosa la kujumlisha. Tatizo ni mambo mawili yaliyojificha ndani yake, ambayo hayaandikwi popote. La kwanza ni kwamba kila kinachotolewa kama msaada kinageuka uwekezaji, kimoja kwa kimoja. La pili ni kwamba kila uwekezaji unazaa pato kwa kiwango kilekile, uwe umefanywa na nani, wapi, kwa bei gani na chini ya sera gani.

Tuyalegeze kidogo tu tuone. Tuseme zile 16 zimekuja zote, lakini nusu yake ndiyo iliyoonekana katika uwekezaji. Nusu nyingine ilijazia mishahara, au ililipia mradi ambao serikali ingeujenga hata bila msaada, na fedha za serikali zilizookolewa zikaenda kwingine. Sizungumzii wizi. Fedha hazina alama, na kulipa mishahara ya wauguzi si dhambi. Basi uwekezaji umeongezeka kwa 8, si 16. Kisha tuseme miradi hiyo mipya ilikuwa migumu kuliko ya zamani na uwiano wake ukawa 8 badala ya 4. Nane kwa nane ni moja. Ukuaji unatoka asilimia 3 hadi 4, na pato la kila mtu linakua kwa asilimia 1. Kwa mwendo huo, pato litakuwa mara mbili baada ya miaka 70. Mtoto aliyezaliwa siku kitabu kinazinduliwa atakuwa mzee, na mtu aliyesoma kitabu kile alimwona akiwa na maisha mapya kabla hajafikisha umri wa kupiga kura.

Fomula hii haikutungwa kwa ajili yenu. Iliandikwa na wachumi, Roy Harrod mwaka 1939 na Evsey Domar mwaka 1946, na wote wawili walikuwa na hofu ya nchi tajiri: ukosefu wa ajira uliofuata mdororo mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930. Domar alitaka kujua uwekezaji uongezeke kwa kasi gani ili viwanda na wafanyakazi wa nchi kama Marekani wasikae bure. Mwaka 1957 aliandika mwenyewe kwamba hoja yake ilihusu mzunguko wa kupanda na kushuka kwa biashara, na kwamba haikukusudiwa kueleza ukuaji wa muda mrefu. Lakini ilikuwa imeshachelewa. Arthur Lewis alikuwa ameandika mwaka 1954 kwamba kiini cha maendeleo ni kuelewa jinsi jamii iliyokuwa ikiweka akiba asilimia 4 au 5 inavyofika 12 au 15. Hollis Chenery na Alan Strout, mwaka 1966, wakaongeza pengo la fedha za kigeni, yaani upungufu wa fedha za kuagizia bidhaa kutoka nje, juu ya pengo la akiba. Benki ya Dunia nayo ikaiingiza hesabu hiyo katika majedwali yake ya makisio ya nchi. Tangu hapo imepita mkono hadi mkono, kutoka kwa mchumi anayestaafu kwenda kwa anayeajiriwa, pamoja na faili.

Kwa muda mrefu hakuna aliyerudi nyuma kuangalia kama ahadi zilitimia. William Easterly, akiwa mchumi wa Benki ya Dunia, alifanya hivyo katika makala ya mwaka 1999. Alichukua nchi 88 zilizopokea misaada kati ya mwaka 1965 na 1995 akauliza swali la kwanza: msaada ulipoongezeka, je, uwekezaji uliongezeka angalau kwa kiasi hichohicho? Nchi sita tu zilipita, na kati yake mbili, Hong Kong na China, zilipata msaada mdogo mno kuhesabika. Kisha akauliza swali la pili, kama uwekezaji ulifuatwa na ukuaji kwa namna fomula inavyodai. Alipoweka majaribio yote mawili pamoja, nchi iliyobaki ilikuwa moja, Tunisia.

Mfano wake uliojulikana zaidi ni Zambia. Alikokotoa pato la Mzambia lingekuwa kiasi gani kama kila msaada ungekuwa uwekezaji na kila uwekezaji ungezaa kama fomula isemavyo. Jibu likawa zaidi ya dola 20,000 kwa mtu ilipofika mwaka 1994. Hali halisi ilikuwa karibu dola 600. Nawaomba msiusome mfano huo kama hukumu kwa Wazambia. Bei ya shaba iliporomoka katikati ya miaka ya 1970, na nchi iliyokuwa ikitegemea zao moja la mgodini ilipoteza mapato yake kabla haijapata nafasi ya kujipanga. Hilo linazidi kuonyesha ninachosema: katika `g = s / v` hakuna mahali pa bei ya shaba.

Hapa niseme jambo moja ambalo wachumi wenzangu wanalifahamu lakini hawawaambii mawaziri wao. Ule uwiano haupimwi kama urefu wa meza. Hupatikana baada ya mambo kutokea, kwa kugawanya uwekezaji kwa ukuaji. Nchi iliyowekeza asilimia 20 ya pato na mvua ikakatika, ukuaji ukawa asilimia 1, uwiano wake mwaka huo ni 20. Mwaka unaofuata mvua inarudi, ukuaji unaruka hadi asilimia 8, na uwiano unakuwa 2.5. Mtaji ni uleule, watu ni walewale. Kwa hiyo mtu akikuletea jedwali lenye uwiano wa 3.5 kwa miaka mitano mfululizo, amekuletea tumaini lake kuhusu mvua, bei, umeme na uaminifu wa wakandarasi, vyote vikiwa vimefungwa katika tarakimu moja. Muulize ameupata wapi. Kama uko chini ya wastani wa miaka kumi iliyopita, akueleze ni jambo gani mahususi limebadilika.

Najua baadhi yenu mtajibu kwa hoja ya mtego wa umaskini, na ni hoja nzito inayostahili kusikilizwa hadi mwisho. Inasema hivi: mtu anayetumia karibu kila anachopata ili aishi hawezi kuweka akiba, asipoweka akiba hawezi kuwekeza, asipowekeza kipato hakipandi, na mwaka kesho anaanzia palepale. Haba na haba hujaza kibaba, lakini si kibaba ambacho kila jioni lazima kimwagwe ili watoto wale. Wenye hoja hii, na mchumi Jeffrey Sachs aliitetea kwa nguvu mwaka 2004 kuhusu nchi za Afrika kusini mwa Sahara, wanadai kwamba msaada mdogo mdogo unapotea bure, na kwamba unahitajika msukumo mkubwa wa mara moja utakaoivusha nchi kizingiti. Ikishavuka, itakwenda yenyewe.

Uzuri wa hoja hii ni kwamba inaweza kupimwa. Ili mtego wa akiba uwepo katika nchi nzima, haitoshi kwamba maskini wana akiba ndogo. Lazima kiwango cha akiba kiwe chini sana kwa nchi maskini kabisa, kisha kipande ghafla pato linapofika kiwango fulani. Pasipo mpando huo wa ghafla hakuna kizingiti. Kuna mwendo wa polepole tu, na mwendo wa polepole unahitaji dawa nyingine. Aart Kraay na Claudio Raddatz waliitafuta alama hiyo katika takwimu za nchi na kuchapisha matokeo mwaka 2007. Hawakuiona. Akiba inapanda pato linapopanda, lakini hairuki mahali ambapo nadharia inataka iruke.

Historia nayo mara nyingi inakwenda kinyume na mpangilio wa fomula. Baada ya vita vilivyokoma mwaka 1953, Korea Kusini iliishi kwa msaada mkubwa wa Marekani, na akiba yake ya ndani ilikuwa ndogo sana. Mtu mwenye jedwali letu angesema nchi ile haitoki. Katika miaka ya 1960 msaada ulipungua wakati uchumi ulipoanza kukimbia kwa kuuza bidhaa nje, na akiba ikapanda nyuma ya ukuaji, hadi ikavuka asilimia 30 ya pato mwishoni mwa miaka ya 1980. Watu walianza kuweka akiba walipokuwa na cha kuweka na mahali pa faida pa kukiweka. Sisemi msaada wa miaka ya 1950 haukufaa kitu. Ulilisha watu na kujenga madarasa. Nasema akiba haikuwa kufuli lililosubiri ufunguo wa mhisani.

Lakini kuna mahali ambapo mtego umeonekana kwa macho, na ni mahali ambapo jedwali la taifa haliangalii kabisa: ndani ya kaya. Nchini Bangladesh, mwaka 2007, shirika la BRAC liliwapa wanawake maskini kuliko wote vijijini mali ya kuzalisha, mara nyingi ng'ombe, pamoja na mafunzo. Maeneo yalichaguliwa kwa bahati nasibu ili kuwe na ya kulinganisha. Clare Balboni na wenzake walizifuatilia kaya hizo kwa miaka 11. Kila mmoja alipewa mali ya thamani inayokaribiana, lakini hawakuwa wakianzia sehemu moja. Mwanamke aliyekuwa hana chochote alipata ng'ombe, akakosa banda, mkokoteni na kipande cha ardhi, na taratibu mali yake ikapungua hadi akarudi alikotoka. Jirani yake aliyekuwa na vitu vichache vya namna hiyo tangu awali alipata ng'ombe yuleyule, akavuka kiwango kinachokaribia dola 500, zikirekebishwa kulingana na bei za nchini humo, na tangu hapo mali yake ikazidi kuongezeka mwaka hadi mwaka.

Tunapenda kusema mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe. Wanawake wale walikuwa na nguvu na walikuwa wakifanya kazi za vibarua siku ambazo kazi ilipatikana. Walichokosa ni kiasi kinachojulikana, kinachohesabika, na ambacho kikipunguzwa kwa robo ili kufikia watu wengi zaidi kinaweza kisimvushe hata mmoja wao. Hapa neno "kizingiti" lina maana. Ninyi mnaopanga miradi ya kutoa mitaji midogo kwa kaya, na mnaosifiwa kwa idadi ya waliofikiwa, jiulizeni kama mgao wa kila kaya unafika juu ya kizingiti au mnaugawa mkate hadi unakuwa makombo.

Je, msaada kwa nchi nzima basi haufai? Sitaki mtu achukue barua hii akaitumie kufunga mkono. Utafiti haujakaa upande mmoja. Sebastian Galiani na wenzake, mwaka 2017, waliangalia nchi 35 zilizovuka kiwango cha kipato ambacho juu yake Benki ya Dunia hupunguza mikopo yake nafuu. Baada ya kuvuka, msaada ulishuka, na wahisani wengine nao wakapunguza. Kwa kila pointi moja ya asilimia ya msaada iliyopotea, ukuaji ulipungua kwa takriban pointi 0.35. Hilo si dogo. Ni zaidi hata ya ile 0.25 ambayo fomula yenye uwiano wa 4 ingetabiri. Ila zingatieni ni nchi zipi hizo: zilizokuwa tayari zinakua vya kutosha kuvuka kiwango. Huwezi kuuchukua uwiano wa nchi iliyokwisha kusimama ukauandika kwenye jedwali la nchi ambayo haijasimama. Na kuna misaada ambayo haikuhitaji fomula hii hata siku moja. Ndui ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980, na waliochanjwa hawakuulizwa uwiano wa mtaji kwa pato.

Linalonikera zaidi, kwa sababu linaepukika, ni uchakavu. Fomula kama inavyotumiwa huuchukulia mtaji kama kitu kisichozeeka. Chukueni ile nchi ya akiba ya asilimia 12 na uwiano wa 4. Mtaji wake wote, yaani barabara, mashine na majengo, ni mara nne ya pato la mwaka. Ukichakaa kwa asilimia 2 tu kwa mwaka, kiasi kinachotakiwa kuufanya ubaki ulivyo ni asilimia 8 ya pato. Theluthi mbili ya akiba yote imekwisha kabla hamjajenga kitu kipya. Mkiongeza barabara kwa msaada, bili ya matengenezo inaongezeka, na hiyo kwa kawaida mhisani hailipi. Yeye hulipia ujenzi, anakata utepe, na kitabu cha bajeti ya matumizi ya kawaida kinabaki na nyinyi.

Tanzania ilijifunza hili kwa gharama. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 1998 ilieleza kwamba wahisani walitumia kama dola bilioni 2 kujenga barabara nchini humo kwa miaka ishirini, na mtandao wa barabara haukuwa bora, kwa kuwa zilikuwa zinaharibika kwa kukosa matengenezo haraka kuliko zilivyojengwa. Kuna pia kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa katika miaka ya 1970 kwa fedha za Benki hiyo. Kilikuwa na mashine za kisasa, na mpango ulikuwa kukidhi soko la ndani na kuuza viatu Ulaya. Jengo lenyewe lilikuwa na kuta za alumini bila mfumo wa kupitisha hewa, katika mji wa joto. Kiwanda hakikuwahi kuzalisha zaidi ya sehemu ndogo ya uwezo wake, yapata asilimia 5, na uzalishaji ulikoma mwaka 1990. Katika hesabu za mwaka kilipojengwa, kila mfuko wa saruji na kila mashine iliingia kama uwekezaji kamili. Jedwali la pengo la akiba lilisema mwaka ule mambo yanakwenda sawasawa.

Kwa hiyo naomba mambo yafuatayo, na nayaomba kwa sababu hayahitaji sheria mpya wala fedha.

Mnapochapisha mpango wa miaka mitano, chapisheni na uwiano wa mtaji kwa pato mlioutumia, na pembeni yake uwiano uliopatikana kweli katika miaka kumi iliyopita, mwaka kwa mwaka, pamoja na miaka ya ukame. Tofauti ikiwepo, ielezeni kwa maneno. Waziri asiyeweza kuieleza bungeni asiisaini. Vilevile, msiandike msaada wote kama uwekezaji. Angalieni miaka iliyopita: msaada ulipoongezeka kwa kumi, uwekezaji uliongezeka kwa ngapi? Kama ni nne, wekeni nne. Lengo la ukuaji litashuka, ndiyo, na magazeti yatauliza kwa nini. Afadhali yaulize sasa.

Ninyi wa mashirika ya misaada, mna majedwali yenu pia na nimekaa nayo mezani. Namba hutakiwa ziwe nzuri kwenu kama zinavyotakiwa kwetu, kwa sababu mkopo mkubwa unahitaji sababu kubwa. Msikubali kujenga kitu chochote kabla hamjaona mstari wa matengenezo yake katika bajeti ya nchi kwa miaka mitano baada ya ninyi kuondoka, na kama nchi haiwezi, ulipieni ninyi mstari huo au jengeni kidogo. Kilomita hamsini zinazopitika mwaka wa kumi ni nyingi kuliko kilomita mia mbili zilizokufa mwaka wa sita. Na pale mnapotoa mali kwa kaya maskini, anzeni kwa kutafuta kizingiti cha eneo husika, kisha mpange idadi ya kaya kutokana nacho, si kinyume chake.

Nina ombi la mwisho, na ni kwa vijana walioketi sasa kwenye kile kiti changu. Utafika usiku ambapo pengo litakuwa kubwa mno na mkubwa wenu atatazama ile safu ya katikati. Mwambieni kwa heshima kwamba namba ile si ya kurekebisha, ni ya kupimwa. Akiwaagiza mbadili, badilini, kwa maana ana mamlaka hayo. Lakini chini ya jedwali andikeni kwa herufi zinazosomeka: uwiano wa awali ulikuwa 5, umewekwa 3.5, sababu haikutolewa. Mimi sikuandika maneno hayo, na mpango ule ulikwisha muda wake bila mtu yeyote kujua kwamba yalistahili kuwepo.

Wenu mtiifu,
Mchumi mstaafu wa mipango